Amenifutia 39.983 mbele ya wanafunzi, akaniandikia 40!

FundiZamuYaUsiku:
Wakuu, nimetoka zamu sasa hivi. Hata mikono sijanawa, simu yote imeshika mafuta ya kukatia, lakini nisipolitema hili hapa nitapasuka.

Ni yule bwana. Mnamjua. Kalamu tatu mfukoni, ovaroli halijawahi kuona tone la grisi, na kila akipita lazima aguse kitu.

Kazi ni shafti yenye sehemu mbili tu za maana. Moja ni kipenyo cha 40, mchoro umeipa -0.009 na -0.025. Nyingine ni kiti cha beringi, 30, imepewa +0.015 na +0.002. Nikakaa chini na karatasi yangu. Ile ya 40 kikomo cha juu ni 39.991, cha chini 39.975. Jumlisha, gawa kwa mbili: 39.983. Hapo nina maikroni nane za kupumulia juu na nane chini. Ile ya 30 inaanzia 30.002 mpaka 30.015, katikati ni 30.0085. Mashine yetu haijui nusu maikroni, nikaandika 30.008 na ile nusu nikamwachia Mungu.

```
G01 X30.008 F0.1
Z-25.
X39.983
Z-70.
```

Akaja. Akaitazama karatasi yangu kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu. Akachomoa kalamu, moja kati ya zile tatu, akaikata 39.983 mara mbili, akaandika 40. Tarakimu kubwa, ile 40 rubani angeisoma akiwa angani! Halafu akawageukia wanafunzi wa mazoezi: "Mchoro unasema arobaini. Huyu sijui namba yake kaitoa kwenye bahati nasibu gani."

Wakacheka. Watoto ambao juzi walikuwa wanaishika vernia kichwa chini.

Akabadilisha zote mbili, X40. na X30., akasema "kitakachozidi utakitoa kwa ofseti." Sawa. Kipande cha kwanza kikatoka 40.000 na 30.000, mashine imetii kama mwanajeshi. 40.000 imezidi. Nikatia ofseti -0.017, kipande cha pili 39.983. Na ile ya 30? 29.983! Beringi ikaingia yenyewe, haikuhitaji hata kusukumwa, ilikuwa inacheza kama pete ya kuazima. Kipande skrepa. Anarudi, anauliza: "Nani kagusa ofseti?"

NANI KAGUSA OFSETI. Na ile 40 yake bado iko pale kwenye karatasi, inanitazama.

Vumbi_la_Chuma:
Pole mkuu. Usiwe na haraka, za mwizi arobaini, na yeye kaiandika mwenyewe 😂

Kwetu_Boriti:
Mbona mimi naona jamaa yuko sahihi? Mchoro ukisema 40 na plasi na minasi, katikati ni 40. 40.02 na 39.98 katikati yake ni ngapi? Unalilia nini?

FundiZamuYaUsiku:
@Kwetu_Boriti soma tena. ZOTE MBILI NI MINASI. Hakuna plasi pale. 40 yenyewe ni kipande kibovu! Ukiipiga shabaha katikati kabisa, umetengeneza skrepa kwa ustadi.

Kwetu_Boriti:
Aah, sikuona alama. Basi endelea kulia.

NjiaFupi:
Mnajisumbua na kujumlisha vikomo. Toleransi ni 0.016, nusu yake 0.008, toa kwenye 40, unapata 39.992. Umemaliza. Mimi nafanya hivyo miaka yote.

MzeeWaMaikroni:
Kijana, kikomo cha juu ni 39.991. Wewe unalenga 39.992. Kipande chako kitatoka kizuri, king'aavu, na kitakataliwa kwa maikroni moja.

Hiyo njia inakubali pale tu ambapo upande mmoja ni sufuri. Mchoro ungesema +0 na -0.016 ningekupa mkono. Hapa eneo lote limehama, halijagusa 40 popote. Ukitaka ufupi, zichukue zile tofauti na alama zake: -0.009 na -0.025 jumla ni -0.034, nusu yake -0.017. Hiyo ndiyo unaiongeza kwenye 40, na unatua 39.983. Kile kiti cha beringi hivyo hivyo: +0.015 na +0.002 ni +0.017, nusu +0.0085.

NjiaFupi:
Kazi zangu hazijawahi kurudi.

Vumbi_la_Chuma:
Zitarudije, zimefia huko huko.

Kalamu_Tatu:
Mimi nitamtetea huyo bwana (si mimi, jina ni sadfa). Programu iandikwe kama mchoro ulivyo. Akija mtu wa zamu nyingine akakuta 39.983 atajuaje ni kipenyo gani? Akikuta 40 anajua mara moja. Ofseti imewekwa kwa ajili ya marekebisho, itumike.

MzeeWaMaikroni:
Ofseti ni namba moja, na kisu ni kimoja. Ukiisogeza, vipenyo vyote viwili vinasogea pamoja. Sasa hesabu: ukiwa umeandika X40., sehemu ile inadai ofseti iwe popote kati ya -0.009 na -0.025. Ukiwa umeandika X30., kiti cha beringi kinadai iwe kati ya +0.002 na +0.015. Nitafutie namba iliyo hasi na chanya kwa wakati mmoja, ukiipata njoo uniamshe usiku.

Mleta uzi hakukosea kutia ofseti. Ilishindikana tangu kalamu ilipogusa karatasi.

Kalamu_Tatu:
Namba mbili zipo. Kisu hicho hicho unakiita T0101 kwenye 30, kisha T0111 kwenye 40. Kila kipenyo na ofseti yake. Nani kasema lazima iwe moja?

MzeeWaMaikroni:
Hilo kweli, na mimi hulitumia shafti ikiwa nyembamba mwishoni na inakimbia kisu, kila kipenyo kikawa na tabia yake. Lakini wewe unataka kulitumia kuficha hesabu ambayo haikufanywa. Kisu kikilika maikroni tano itabidi ukumbuke kugusa mahali pawili, na usiku wa manane utakumbuka mahali pamoja tu. Ukiandika katikati ya vikomo, ofseti zote zinaanza sufuri, na kinachobaki humo ni kulika kwa kisu tu. Ukiitazama unajua kisu kimefika wapi. Hilo la mtu wa zamu nyingine kutoelewa lina maana. Basi aandikiwe maelezo pembeni ya mstari.

Kalamu_Tatu:
Bado nasema 40 inasomeka.

FundiZamuYaUsiku:
ILISOMEKA SANA! Ilisomeka mpaka getini!

Leti_ya_Mkono:
Tuliokua na mashine za kuzungusha kwa mkono tunawacheka. Shafti unailenga juu, karibu na kikomo kikubwa. Chuma ukikibakiza unaweza kukirudia, ukikimaliza hakirudi. Mimi ningelenga 39.989, katikati ni ya waoga.

MzeeWaMaikroni:
Kwa kipande kimoja, mzee mwenzangu, nakubali. Kwa vipande mia mbili umejitega. Kisu kikilika, kipenyo cha nje kinanenepa. Ukianzia 39.989 umebakiwa na maikroni mbili kabla hujagonga 39.991. Ukianzia katikati unazo nane. Mimi kazi ndefu huanza chini kidogo ya katikati, kama 39.980, lakini naiteremsha kwa ofseti. Programu inabaki 39.983, siigusi.

Leti_ya_Mkono:
Mia mbili? Mimi nilikuwa natengeneza moja, inatosha mwezi.

Ofseti_Mkosi:
Nyie afadhali. Mashine tuliyonayo mtu aliiweka isome ofseti kwa nusu kipenyo na hakumwambia mtu. Nikatia -0.017 yangu safi, ikala 0.034. Kipande kikatoka 39.966. Nikaambiwa sijui hesabu. Mimi!

Vumbi_la_Chuma:
Hapo ulipaswa kuanzisha uzi wako, mkuu. Huu una foleni.

Mkaguzi_Baridi:
Nimewasoma kimya, sasa nami niseme langu, maana watu wa lethi mnapenda kulia. Mnaniletea vipande vya moto! Mtu anakitoa kwenye mashine, anakipima hapo hapo, anaandika 39.983, anakuja kifua mbele. Chuma cha kipenyo 40 kikiwa na joto la nyuzi 20 zaidi ya chumba changu kimevimba karibu maikroni tisa. Kikilala mezani kwangu kikapoa kinasoma 39.974. Kikomo cha chini ni 39.975. Nakikataa, natukanwa.

NjiaFupi:
Kwa hiyo 39.992 yangu ikipoa inakuwa 39.983! Nilisema mimi.

MzeeWaMaikroni:
Huyu mtu anaokolewa na homa.

Leti_ya_Mkono:
Na kulenga juu pia nilisema. Kikipoa kinashuka pahali pake.

Mkaguzi_Baridi:
Hamna aliyesema kitu. Joto la kipande cha kwanza si la kipande cha hamsini. Asubuhi kinatoka vuguvugu, mchana kinatoka kinaunguza vidole. Utalenga juu kwa maikroni ngapi, na saa ngapi? Lengeni katikati, mkiache kipoe, halafu mpime.

Ofseti_Mkosi:
Sisi tunakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kukatia, dakika moja, tunapima. Kinasoma sawa na chumba cha wakaguzi.

Mkaguzi_Baridi:
Maji ya ndoo yenu mmeyapima joto? Yamezunguka mashineni siku nzima.

Ofseti_Mkosi:
Ni ndoo ya pembeni, haizunguki.

Leti_ya_Mkono:
Na maikromita je? Mtu anaishikilia kiganjani robo saa akipiga soga, halafu analaumu kipande.

FundiZamuYaUsiku:
Jamani, mbona mmehamia kwenye ndoo? Nimewawekea picha ya karatasi, ioneni wenyewe. 39.983 imekatwa mara mbili na ile 40 pale juu kama bango la mgombea. Alikuwa hata haangalii mchoro wakati anaandika!

Mkaguzi_Baridi:
Nimeiona picha. Hiyo maikromita nyuma ya karatasi imekaa juu ya mota?

FundiZamuYaUsiku:
Ni ya kwake.

Mkaguzi_Baridi:
Sijauliza ya nani. Iko juu ya mota tangu saa ngapi?