Saa nane nilikuwa mzima, saa kumi na moja ninatetemeka: mafua huanzaje ghafla hivi?

Mkazi wa Mbagala
Wakuu, naomba ushauri. Juzi Jumanne nilikula mchana vizuri ofisini Posta, lakini ilipofika saa kumi na moja, nikiwa kwenye mwendokasi, nilishikwa na baridi kali hadi meno yakagongana, huku abiria wenzangu wakijipepea kwa joto. Nilipofika nyumbani kichwa kilikuwa kinapasuka, na mgongo na mapaja yaliuma kama mtu aliyebeba magunia. Kipimo cha haraka cha malaria hakikuonyesha kitu, na mhudumu wa zahanati akasema ni virusi vya mafua. Kikohozi kimekuja jana tu. Je, niliambukizwa ndani ya basi lile? Na ikiwa virusi viko kooni, mapaja yanauma kwa nini?

Fundi Cherehani
Pole sana. Virusi vimeshaingia kwenye damu na vinatafuna misuli, ndiyo maana mwili mzima unauma. Mwanangu alipougua mafua alishindwa hata kukanyaga chini kwa maumivu ya vigimbi.

Bibi wa Tandika
Mwanangu, hayo ni mafua ya vumbi. Chemsha tangawizi na ndimu, ujifukize, na usioge maji ya baridi usiku.

Maabara ya Zamu
Shikamoo bibi. Tangawizi haina ubaya, ila vumbi halimtetemeshi mtu namna hiyo.

Ndugu Mkazi, hukuambukizwa ndani ya basi lile. Tangu virusi vya influenza viingie hadi dalili zitokee hupita siku moja hadi nne, mara nyingi mbili, kwa hiyo utazame Jumapili ulikuwa na nani. Seli moja ya njia ya hewa ikishaambukizwa huanza kutoa virusi vipya baada ya saa chache, navyo huingia seli za jirani. Kufikia Jumanne mzunguko huo ulikuwa umejirudia mara kadhaa, na idadi ilikuwa imepanda kwa kuzidishana. Wewe hukuhisi lolote kwa sababu virusi hivi vina protini inayozuia seli isipige kelele mapema. Seli zinapokuwa nyingi, kizuizi hicho hakitoshi tena, na kemikali za kinga humwagika kwa wingi, hasa intaferoni na nyingine za jamii ya saitokini. Huo ndio ughafla wako: ugonjwa ulikuwapo tangu Jumapili, kilichoanza saa kumi na moja ni kengele.

Kemikali hizo husafiri kwa damu hata kama virusi vyenyewe vimebaki kwenye njia ya hewa. Zikiufikia ubongo husababisha kutengenezwa kwa prostaglandini, ambayo hupandisha kiwango cha joto ambacho ubongo unakitaka, tuseme kutoka nyuzi 37 hadi 39. Wewe ukiwa na 37 na nusu, ubongo unakuhesabu kuwa umepoa, hivyo hubana mishipa ya ngozi na kuitikisa misuli ili izalishe joto. Prostaglandini hiyo hiyo huzifanya neva za maumivu ziwe nyepesi kushtuka, na hapo ndipo mapaja na kichwa vinapoingia. Ushahidi ninaoupenda ni huu: wagonjwa wa homa ya ini waliotibiwa kwa sindano za intaferoni walipata baridi, maumivu ya misuli na kichwa ndani ya saa chache, bila kirusi chochote cha mafua mwilini.

Fundi, hukukosea yote. Watoto wengine hupata uvimbe halisi wa misuli ya vigimbi, lakini kwa kawaida huja homa inapoanza kupungua, siyo saa ya kwanza. Mkojo ukiwa mweusi kama chai ya rangi, ni kwenda hospitali.

Mkazi wa Mbagala
Jumapili mpwa wangu alikuja akikohoa, tukala sahani moja! Nimemeza parasetamoli mbili za miligramu 500, nikaloa jasho na maumivu yakapungua. Ina maana virusi vimekufa?

Maabara ya Zamu
Hapana. Dawa imepunguza prostaglandini, ubongo ukashusha kiwango, na jasho likatoa joto lililozidi. Virusi haijavigusa. Usizidishe vidonge vinane kwa siku, na mpwa wako asipewe aspirini, kwani kwa mtoto mwenye mafua inaweza kudhuru ini na ubongo.

Dereva wa Usiku
Mimi baridi ya hivyo ilikuwa malaria, na kipimo cha kwanza hakikuona kitu. Halafu, kama homa ni silaha ya mwili, kwa nini tuishushe?

Maabara ya Zamu
Hilo la kwanza ni la maana. Katika malaria pia baridi huletwa na kemikali za kinga, chembe za damu zinapopasuka, hivyo kutetemeka peke yake hakukuambii ni ugonjwa gani. Hata homa ya denge huanza hivyo hapa Dar, na kwa mgonjwa wa denge ibuprofeni inaweza kuongeza kutokwa damu, ndiyo sababu nashauri parasetamoli badala yake. Homa ikiendelea kesho, pima tena malaria. Kuhusu kushusha homa, mimi humpa dawa mgonjwa anayeteseka, siyo kipimajoto.

Dereva wa Usiku
Bado hujanishawishi. Mimi huiacha hadi ivuke 39.

Mkazi wa Mbagala
Kesho asubuhi nitapima tena, nitarudi na majibu.