MREJESHO: Mgao wa mchezaji tuliyemlea umeingia, ila si wote

Niliuliza: "Kijana tuliyemlea msimu wa miaka 13 hadi 16 ameuzwa nje kwa yuro 400,000. Tunapata chochote?"

Wakuu, asanteni sana. Nilifuata ushauri wa kuanza na shirikisho, kukagua pasipoti ya mchezaji, yaani rekodi ya klabu alizosajiliwa, kabla haijafungwa. Msimu wa miaka 13 haukuwemo! Tulikuwa na picha za timu na daftari la mahudhurio, lakini usajili haukupelekwa shirikisho mwaka ule. Umekataliwa, na imeniuma.

Misimu ya 14 na 15 imetupa asilimia 0.25 ya bei kila mmoja, wa 16 asilimia 0.5. Jumla yuro 4,000; tungepata 5,000. Mnunuzi analipa kwa awamu mbili, hivyo nasi tumepokea 2,000 kwanza, kupitia kituo cha malipo cha FIFA kilichoko Paris, baada ya kuhakiki nyaraka za klabu.

Fidia ya mafunzo, ambayo ni malipo tofauti na mgao huu, tumekosa. Alikuwa tayari mchezaji wa kulipwa, kwa hiyo anayestahili ni klabu iliyomuuza tu. Aliyenionya hapa alisema kweli.

Sasa tunasajili watoto wote kuanzia miaka 12.