Mrejesho: barua ya mwalimu wa sekondari kuomba kazi ya afisa mradi

Niliuliza: "Wakuu, mimi ni mwalimu wa sekondari, naomba kazi ya afisa mradi. Barua niandikeje wakati sijawahi kusimamia mradi?"

Wakuu, nimeitwa usaili! Aliyenisaidia ni yule mdau aliyeuliza nani alisimamia ujenzi wa madarasa shuleni kwetu. Kumbe ni mimi, katibu wa kamati ya ujenzi. Aya ya uzoefu ikawa hivi:

"Nikiwa katibu wa kamati ya ujenzi, nilifuatilia ujenzi wa madarasa mawili kwa utaratibu wa fosi akaunti. Niliandaa mpangokazi, mihtasari ya vikao na taarifa ya maendeleo ya kila wiki kwa mkuu wa shule. Saruji ya plasta ilipochelewa, tulitanguliza kupaua, na madarasa yakakamilika kabla ya shule kufunguliwa."

Sikugusa habari ya kuidhinisha malipo, maana hayo yalikuwa ya mkuu wa shule, na kwenye usaili wangenibana. Kufundisha kumebaki sentensi moja tu. "Mchapakazi" na "mwadilifu" nimefuta. Kila mtu anaandika hayo.

Aliyenipigia simu aliulizia ile saruji, na akataka nije na nakala ya mpangokazi. Bahati nzuri ninayo, ingawa ni ya mkono.