Mjadala: Amba- ifutwe, au -o- ndiyo inayotusumbua?

Karani wa VICOBA: Wadau, niliandika tangazo la kikundi: "Wanachama ambao hawajalipa mchango wa Machi hawatakopeshwa." Mwenyekiti akafyeka, akaweka "Wanachama wasiolipa mchango wa Machi". Eti amba- ni uvivu, Kiswahili safi ni -o-. Ni kweli?

Mzee wa Pangani: Mwenyekiti wako kasoma. Methali gani ina amba? "Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki." Haya, sema "Mtu ambaye hukufaa wakati wa dhiki ndiye rafiki" uone kama kuna atakayeikumbuka kesho. Hizi amba tumeletewa na watangazaji na watu wa bara.

Binti Iringa: Watu wa bara tumefanyaje tena, mzee? Swali la michango hili.

Bwana Alama: Amba ni kosa, hakuna mjadala. Mtihani wetu uliandika kabisa: "Andika upya bila kutumia amba." Kingekuwa Kiswahili sahihi wangetuambia tukiondoe? Na hilo ambalo alilosema mzee ni kweli.

Binti Iringa: "Ambalo alilosema"! Umezitia zote mbili kwa mpigo, kaka. Ni "alilosema mzee" au "ambalo mzee alisema". Chagua moja.

Mwalimu Zuhura: Mtihani unakwambia ugeuze ili wajue kama unayamudu maumbo yote mawili, ndugu Alama. Sasa turudi kwenye tangazo, maana mwenyekiti kabadilisha maana. Ukikanusha kwa -o- unabaki na -si- peke yake, na -si- haina wakati. "Wasiolipa" ni nani? Waliokataa? Wasio na desturi ya kulipa? Au ambao bado tu? "Hawajalipa" inasema bado, mlango uko wazi, na huwezi kuipachika -o- ndani yake. Lazima ibebwe na amba-. "Ambao hawakulipa" nayo ni habari nyingine, muda umeshapita.

Karani wa VICOBA: Ndicho kilichotokea! Mama mmoja kagoma, anasema "Mimi hulipa kila mwezi, Machi nimechelewa tu, wasiolipa ni wengine." Anataka mkopo wake.

Mzee wa Pangani: Huyo mama hana hela, asisingizie sarufi.

Kijana wa Umoja: Mnajisumbua bure. Hapa Nairobi tunasema "members wenye hawajalipa" na kila mtu anaelewa. Si amba, si o.

Mzee wa Pangani: Yarabi! "Wenye hawajalipa"! Ndiyo maana mimi na mjukuu wangu wa Nairobi tunaelewana kwa picha tu.

Kijana wa Umoja: Mzee, heshima yako, lakini Kiswahili hakina hatimiliki ya Pangani. Hata Kongo mashariki nimewasikia wakisema hivyohivyo.

Binti Iringa: Kwanza bara, sasa Nairobi. Nani amebaki, mzee?

Mwalimu Zuhura: Mzee, nikuulize moja. "Polisi wanamtafuta mwanafunzi aliyempiga mwalimu." Nani kapigwa?

Mzee wa Pangani: Mwalimu, bila shaka.

Mwalimu Zuhura: Au mwalimu ndiye aliyepiga. Kwa -o- mtendaji hukaa nyuma ya kitenzi: tunasema "kitabu alichonunua Asha". Kitabu hakinunui, kwa hiyo hakuna utata. Lakini mwanafunzi na mwalimu wote ni watu, ngeli moja, na -ye- na -m- zinawafaa wote wawili. Sema "mwanafunzi ambaye mwalimu alimpiga" au "mwanafunzi ambaye alimpiga mwalimu", kila mtu yuko mahali pake.

Mzee wa Pangani: Sisi tunajua kwa mazungumzo yenyewe. Na hao wa amba ndio wameharibu mpangilio, siku hizi nasikia "kitabu Asha alichonunua". Masikio yanauma.

Mwalimu Zuhura: Hapo niko nawe. Na sisemi amba- ijazwe kila mahali. "Mtu ambaye anakuja" wakati "anayekuja" ipo ni kurefusha bure.

Karani wa VICOBA: Jamani, tangazo linabandikwa saa kumi. Nirudishe yangu?

Bwana Alama: Muulize mwenyekiti.

Kijana wa Umoja: Mzee, kabla hujaondoka: "nyumba yenye bati" ni Kiswahili cha wapi?

Mzee wa Pangani: Chetu. Baada ya "yenye" linakuja jina, bati. Wewe unaleta kitenzi, "yenye imeezekwa". Ni "iliyoezekwa".

Kijana wa Umoja: Na ukitaka kusema haijaezekwa bado?

Mzee wa Pangani: "Isiyoezekwa."

Binti Iringa: Bado au kabisa, mzee?