Tupeane uzoefu: simu ya elfu 12, ya elfu 25 na ya elfu 80, wapi unabanwa?

Mleta mada: Wenyeji wa Mombasa, mnaonunua na mnaotengeneza simu, semeni. Nikiongeza pesa, naongeza nini hasa?

Fundi wa Digo Road: Anza na hifadhi, sio kamera. Simu nyingi za elfu 12 zina hifadhi aina ya eMMC, ambayo ikiandika haisomi na ikisoma haiandiki. WhatsApp inashusha video, wewe wafungua M-PESA: mmoja lazima angoje. Hifadhi aina ya UFS hufanya yote mawili kwa pamoja. eMMC utaijua kwa kuganda simu inaposasisha programu, au hifadhi inapokaribia kujaa. Na ile RAM ya "4GB + 4GB" ya kwenye boksi? Nne ya pili ni kipande cha hifadhi hiyo hiyo ya polepole. Wewe hesabu nne.

Mama Nyali: Megapikseli ndizo muhimu. 50 haishindwi na 12.

Fundi wa Digo Road: Mchana, ukitaka kukata kipande cha picha, una haki. Usiku kinachotafutwa ni mwanga, na sensa kubwa ndiyo hukusanya mwanga mwingi. Tena zile kamera tatu za simu rahisi, mara nyingi ya kazi ni moja. Fungua kamera, ziba lenzi ndogo kwa kidole, kisha pitia kila modi: picha isipobadilika popote, hiyo lenzi ni pambo tu.

Boda wa Likoni: Mie nataka isiyoingia maji, kwa elfu 12. Ni ipi?

Fundi wa Digo Road: Mada ni nyengine ndugu yangu, lakini kwa bei hiyo nunua kifuko cha kuning'iniza shingoni. Hata IP68 hupimwa kwa maji baridi. Maji ya chumvi hula tundu la chaja.

Mleta mada: Niko na mbili: ya elfu 18, eMMC, RAM 4, hifadhi 128, na ya elfu 24, UFS 2.2, RAM 6, hifadhi 128 vilevile.

Fundi wa Digo Road: Hiyo elfu sita ndiyo inayolipa kuliko zote. Hakikisha modeli kamili, maana jina moja laweza kuwa na matoleo mawili. Duka likikuruhusu, pima kwa CPDT, programu ya kupima kasi ya hifadhi: eMMC 5.1 kikomo chake ni megabaiti 400 kwa sekunde, UFS 2.2 hupita hapo. Kisha itoe nje juani, mwangaza juu kabisa. Usiposoma ujumbe, kivukoni utateseka.

Mama Nyali: Na ya elfu 80?

Fundi wa Digo Road: Kwa matumizi ya kawaida hutaona tofauti kubwa ya kasi. Walipia lenzi ya kuvuta vitu vya mbali, pamoja na masasisho. Samsung kuanzia Galaxy S24 iliahidi miaka saba.

Kijana wa Kongowea: Mie elfu 24 naichukulia ya juu iliyotumika.

Fundi wa Digo Road: Ikishafunguliwa, gundi ya kuzuia maji haiaminiki tena. Na betri utabadilisha.

Kijana wa Kongowea: Betri nabadilisha, na bado kamera yake itaipita mpya ya bei hiyo.