Naomba ushauri: jina la duka la sola, Tukuyu

Habari wakuu. Tunafungua duka la taa za sola na umeme wa nyumbani hapa Tukuyu, wateja wengi ni wa vijijini. Mteja wa huku kabla ya bei anauliza waranti ni ya muda gani, na kikiharibika akirudishe wapi.

Yamebaki majina mawili. "Mwanga wa Milele" linapendwa, ila linatutia wasiwasi. Paneli nzuri hufika miaka 20, lakini betri ya asidi mara nyingi ni miaka miwili mitatu tu. Tena ukungu wa huku ukishika wiki nzima betri haijai, na ikikaa nusu muda mrefu salfeti inaganda kwenye sahani zake, uwezo unashuka. Mteja akisoma "Milele" kwenye boksi la betri iliyokufa, tumekwisha.

"Dumu Sola" ni fupi, linaenea kwenye stika ya waranti pamoja na tarehe ya kuuza na namba ya simu. Ila BRELA wakikuta jina linalofanana watalikataa. Je, tuongeze "Rungwe", au litatubana tukifungua tawi Makete?