Bulls Power na Bears Power, EMA peke yake, au MACD: kipi kinaonyesha trendi bado ina afya?

Kijana wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Naomba tulinganishe maana nimeumia. Nafanya dhahabu (XAUUSD), chati ya siku. Nilinunua wakati baa za Bulls Power kwenye MT5 zimesimama ndefu, nikakaa na dili langu kwa raha. Baadaye baa zikaanza kufupika, siku nne mfululizo. Nikasema fahali wameishiwa pumzi, nikafunga. Bei ikaendelea kupanda kama hainijui.

Rafiki yangu anatazama mstari wa wastani wa bei, EMA ya siku 13 tu, ukiinama juu anabaki, ukiinama chini anatoka. Mwingine anaapa kwa MACD. Ninyi mnatumia kipi kujua trendi bado nzima?

King Pipsi
Mkuu mbona rahisi. Bulls Power ikiwa juu ya sifuri unanunua, Bears Power ikiwa chini ya sifuri unauza. Hapo unaongeza lot, unalala.

Bi Chati
King, fungua chati yoyote sasa hivi. Siku nyingi za kawaida Bulls iko juu ya sifuri na Bears iko chini ya sifuri kwa wakati mmoja, kwa sababu mshumaa umeukatiza mstari wa wastani katikati. Kwa kanuni yako utanunua na kuuza saa ileile.

Mzee wa Feri
Vijana, nyie mnahangaika na kompyuta. Mimi nimekaa mnadani Feri miaka. Kila mtu pale anajua changu wa ukubwa fulani anakwenda kwa bei gani wiki hii, hiyo ndiyo bei iliyozoeleka, na ndiyo huo mstari wenu wa wastani. Asubuhi mnunuzi wa hoteli akija na haraka anaisukuma juu, pale alipofikia ndipo nguvu ya wanunuzi ilipoishia. Boti zikiingia nyingi, wauzaji wanaishusha, na pale chini kabisa ndipo nguvu yao ilipoishia. Mnapima umbali wa kutoka bei ya mazoea hadi kila ncha. Basi.

Bi Chati
Shikamoo mzee. Ndivyo hasa. Daktari Alexander Elder aliyekitunga kipimo hiki mwaka 1989 alikuwa na wazo hilohilo: bei ya juu ya siku toa EMA ni nguvu ya fahali, bei ya chini toa EMA ni nguvu ya dubu.

Sasa turudi kwa Kijana, maana kosa lake nimelifanya mwenyewe. EMA ya 13 kila siku inasogea sehemu moja ya saba ya pengo lililopo kati yake na bei ya kufunga, kwa kuwa kipimo chake ni 2 kwa 14. Chukua dhahabu inayopanda dola 5 kila siku, bila kuchoka wala kukimbia. Mstari utakuwa nyuma yake dola 30. Kesho bei inapanda 5, pengo linakuwa 35, mstari unasogea sehemu ya saba, yaani 5, pengo linarudi 30. Itakwenda hivyo hata mwezi mzima.

Mwendo ukipoa ukawa dola 3 kwa siku, pengo litasinyaa taratibu hadi 18. Umeona? Bei inapanda kila siku, hakuna muuzaji aliyeshinda hata siku moja, lakini baa za Bulls Power zinafupika. Ulichokiona siku zile nne ni dhahabu kupunguza mwendo. Basi la mwendokasi likikaribia kituo linapunguza mwendo, halijageuka kurudi Kimara.

Kijana wa Mbagala
Dada hapo umenichana. Kwa hiyo hizo Bulls hazina kazi?

Bi Chati
Zina kazi, ila kwenye trendi ya kupanda mimi afya naipima kwa dubu. Nakupa mfano kutoka daftari langu, namba nimezisawazisha zisomeke.

EMA ya jana ilikuwa 2,400 na ilikuwa ikipanda. Siku ya kwanza bei imeshuka hadi 2,389 ikafunga 2,407. EMA imepanda dola 1, iko 2,401. Bears Power ni 2,389 toa 2,401, yaani −12. Siku ya pili imeshuka hadi 2,395 tu, imefunga 2,408, EMA 2,402, Bears ni −7. Siku ya tatu ya chini ni 2,401, imefunga 2,416, EMA 2,404, Bears ni −3.

Soma kwa pamoja: mstari unapanda, wauzaji wanaweza bado kuishusha bei chini ya mstari, lakini kila siku wanafika karibu zaidi na sifuri. Hapo ndipo nanunua, nikiweka oda juu kidogo ya kilele cha siku ya tatu ambacho kilikuwa 2,420, na kikomo cha hasara chini ya 2,389. Bears Power ikiwa tayari iko juu ya sifuri, yaani hata bei ya chini ya siku haigusi mstari, sinunui. Wakati huo bei imeshaniacha.

Ugonjwa unaonekana hivi: wiki mbili baadaye bei inarudi tena, safari hii Bears inafika −21 badala ya −12, na EMA imelala. Wauzaji wameingia ndani zaidi kuliko mara iliyopita. Hapo natoka, bila kujali Bulls inasema nini.

King Pipsi
Sawa nimekubali ile ya mwanzo nilikurupuka. Lakini MACD inakupa yote hayo bila kuhesabu.

Bi Chati
MACD ya kawaida ni tofauti ya EMA mbili, inakula bei ya kufunga peke yake. Ile siku ya kwanza hapo juu, iliyoshuka hadi 2,389 ikarudi ikafunga 2,407, MACD inaona 2,407 tu. Mstari wa EMA pia hivyohivyo. Ule mkia wa mshumaa, ambao ndiyo habari yenyewe ya nani alijaribu na akashindwa, umepotea.

Ila mkia huohuo ni tatizo pia. Ijumaa ya takwimu za ajira za Marekani, ile saa tisa na nusu alasiri kwetu (kipindi chao cha baridi saa kumi na nusu), bei inaweza kuchomoka dola nyingi kwa dakika chache na kurudi. Bears Power itachora shimo refu ambalo halihusiani na afya ya trendi. Siku hiyo MACD imetulia na mimi ndiye ninayehangaika. Kwa hiyo kwenye chati fupi za dakika 15 nakubaliana na King, mikia ni mingi mno, baa hizi zinayumba kama mlevi.

Mhasibu wa Ubungo
Mimi sifanyi dhahabu, nina hisa kwenye soko letu la DSE. Naingiza bei za kila siku kwenye Excel. Nimeweka fomula hii, safu D ni bei ya kufunga na F ni EMA:

```
=F14+(D15-F14)/7
```

Tatizo: kwenye hisa moja ndogo, Bulls na Bears zinatoa namba ileile kila siku. Mfano juzi zote zilikuwa 9. Nimekosea wapi?

Bi Chati
Fomula ni sahihi kaka. Ukitoa Bears kwenye Bulls unabaki na urefu wa mshumaa wa siku hiyo, bei ya juu toa bei ya chini. Kama hisa yako imeuzwa kwa bei moja siku nzima, juu na chini ni kitu kimoja, urefu ni sifuri, nguvu mbili zinalingana. Hakuna mvutano wa kupima. Kilichobaki ni umbali wa bei na mstari. Kwa hisa za namna hiyo EMA peke yake inatosha, kipimo hiki kiache. Kwenye hisa zinazouzwa kwa wingi kama CRDB au NMB unaweza kujaribu kwa wiki badala ya siku, mshumaa wa wiki una nafasi ya kuwa na juu na chini.

Jambo lingine, safu yako inaanzia siku ngapi nyuma? Namba ya kwanza uliyoipanda bado ina uzito wa kama asilimia 13 baada ya siku 13. Mpe siku 40 hivi ndipo uamini.

Mhasibu wa Ubungo
Nina siku 16 tu. Basi siziamini bado.

Dereva wa Usiku
Samahani kuingilia. Mimi na mshkaji wangu wote tuko MT5 ya simu, EURUSD, chati ya siku, kipindi 13. Kwangu Bears Power iko −0.0031, kwake −0.0024. Broka wangu ananiibia?

Kijana wa Mbagala
😂 hapa kila mtu kaibiwa

Bi Chati
Dereva, angalia kwanza kama chati yako ina mshumaa mdogo wa Jumapili. Broka ambaye siku yake inafungwa pamoja na Nyuyoki, kwetu saa sita usiku au saa saba kutegemea majira yao, ana mishumaa mitano kwa wiki. Anayetumia saa za Griniwichi ana sita, mmoja ukiwa wa saa mbili tatu za Jumapili. Kwa hiyo 13 zako zinarudi nyuma wiki mbili na kidogo, za mshkaji wiki mbili na nusu. Mstari tofauti, baa tofauti. Wala si wizi, hapo angalau.

Dereva wa Usiku
Upo kweli, wa Jumapili, kadogo kama kiberiti. Sasa nani kati yetu yuko sahihi?

Mzee wa Feri
Mwenye mishumaa mitano. Jumapili mnada haujachangamka.

Mhasibu wa Ubungo
Swali la mwisho kwa Bi Chati. Dola 12 za dhahabu ikiwa 1,200 si sawa na dola 12 ikiwa 2,400. Si bora tugawanye baa kwa EMA ili tupate asilimia?

Bi Chati
Kwa kulinganisha miaka, au dhahabu na hisa, ndiyo, gawanya. Wengine wanagawanya kwa ATR, wastani wa mwendo wa bei kwa siku, ili siku za vurugu zisidanganye. Mimi sifanyi, kwa sababu nalinganisha rudio moja na lililotangulia, wiki chache tu, bei haijabadilika sana. Lakini sitakugombeza ukifanya.

King Pipsi
Mimi nitagawanya kwa ATR nione. Nikipata tofauti narudi hapa na picha.

Kijana wa Mbagala
Nimeenda kuangalia lile dili langu. Siku niliyofunga, Bears Power ilikuwa juu ya sifuri. Bei ya chini haikugusa EMA hata mara moja siku zote nne. Leo imerudi, Bears iko −8 lakini mshumaa haujafungwa. Naisubiri kesho au niingie?

Bi Chati
Mshumaa ukiwa wazi EMA nayo inacheza na bei, hiyo −8 itabadilika mara kumi kabla ya usiku. Na siku moja haikuonyeshi kama inapanda au inashuka. Kesho.